Mikono ya saa kumi na mbili asubuhi: kisa cha maelezo ya kuombea pensheni ya ulemavu, Mufindi

Karatasi niliyoletewa ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, imeandikwa na kijana wa mwisho wa mama huyu kwa mwandiko safi. Ilianza hivi: "Mama yangu anateseka sana na hawezi kufanya kitu chochote." Kijana alinikabidhi mwenyewe kwenye ofisi yetu ndogo pale Mafinga, ninapofanya kazi ya usaidizi wa kisheria. Mama yake alikuwa nyuma yake. Nikamwamkia, "Kamwene, mama," akaitikia, akakaa kwenye benchi. Ilikuwa saa tano, jua limeshaingia dirishani, na baada ya muda akaanza kufungua vifungo vya sweta lake. Vidole vilihangaika na kifungo cha kwanza, vikakiacha, vikakirudia. Mwishowe vifungo viwili vilifunguka.

Nilimwangalia, kisha nikaangalia tena ile sentensi ya kwanza. Daktari wa bodi inayothibitisha ulemavu naye angemwona anafungua sweta, na kuanzia hapo asingeamini neno lolote kwenye ile karatasi, hata yale ambayo yalikuwa kweli kabisa. Mama huyu ni mgonjwa kweli. Nina uhakika kwamba hawezi tena kazi aliyoifanya tangu 2011. Lakini karatasi yake ilisema jambo ambalo mwili wake ungelikanusha ndani ya dakika tano.

Ana miaka 49. Alikuwa mfungashaji kwenye kiwanda cha chai. Mwaka 2019 vidole vilianza kuvimba, na baadaye daktari akamwambia ni baridi yabisi. Agosti 2023 ndiyo mara yake ya mwisho kumaliza zamu. Sasa anaomba pensheni ya ulemavu kutoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambako mwajiri alikuwa akimpelekea michango.

Kabla ya kugusa maelezo yake ilibidi tuelewane kuhusu kinachopimwa. NSSF haipimi ukali wa maumivu wala ukubwa wa umaskini wa nyumbani. Swali lake ni kama mwanachama amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na bodi ya madaktari ndiyo inayothibitisha. Ugonjwa wenyewe unaelezwa na ripoti ya daktari: jina lake, majibu ya damu, picha ya eksirei, dawa anazotumia. Kitu ambacho daktari hakioni ni kinachotokea nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na saa tisa alasiri baada ya kazi ya nusu saa. Nafasi ya maelezo ya mwombaji ni hiyo tu. Yakianza kurudia kazi ya daktari hupoteza nguvu, na yakianza kuomba huruma hupoteza nguvu zaidi, maana hii ni haki ya mtu aliyechangia.

Karatasi ya kijana ilikuwa na kosa jingine, na hili lilinitia wasiwasi kuliko "hawezi kitu chochote". Aliandika: "Kazi ya kiwandani ndiyo iliyomletea ugonjwa huu." Nikamuuliza nani amesema hivyo. Akajibu, "Ndivyo tunavyoona sisi, maana kule asubuhi ni baridi kali." Nilimwelewa. Anayeijua Mufindi ya Juni na Julai, ukungu umelala juu ya chai mpaka saa nne, hatashangaa kwamba watu wanafikiri hivyo. Na jina la ugonjwa kwa Kiswahili linasaidia kupotosha, kwa sababu ukisikia baridi yabisi unadhani baridi ndiyo chanzo. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa ahisi viungo vimekaza zaidi, lakini ugonjwa wenyewe unatokana na kinga ya mwili kushambulia utando wa ndani wa viungo. Hakuna daktari aliyeandika kwenye jalada la mama huyu kwamba kiwanda kilisababisha.

Sentensi ile ingeweza kuligeuza jalada zima. Ugonjwa au ajali inayotokana na kazi ina mlango wake mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, wenye fomu na ushahidi wake. Mtu akipeleka NSSF maombi ya ulemavu huku akiandika kwamba kazi ndiyo chanzo, anaweza kumpa afisa sababu ya kusimamisha jalada na kuuliza kwa nini hakwenda kule kwanza. Tuliifuta. Mahali pake tukaandika kile tunachokijua: lini dalili zilianza, lini alipewa jina la ugonjwa, na lini alishindwa kazi.

Tarehe hizo tatu zilituchukua karibu asubuhi nzima. Mama alikuwa anasema "baada ya Pasaka" kwa kila kitu. Tukatandaza kadi za kliniki juu ya meza, tukazipanga kwa miaka, kisha tukaweka pembeni barua ya mwajiri yenye siku za ruhusa ya ugonjwa. Ikaonekana kwamba mambo mawili yalikuwa yamechanganywa kuwa moja. Kuugua kulianza 2019, lakini kwa miaka minne aliendelea kufanya kazi, kwanza kawaida, kisha akahamishiwa meza ya kubandika lebo, kisha kwa kukosa siku nyingi. Ulemavu kwa maana ya maombi haya ulianza aliposhindwa kabisa kuendelea, Agosti 2023. Angeandika kwamba alipoteza uwezo 2019, afisa angeuliza ile mishahara ya miaka minne ilitoka wapi, na hata hesabu ya michango iliyotangulia ulemavu ingevurugika. Kwa hiyo maelezo yakaandika mwaka wa ugonjwa na mwezi wa kuacha kazi katika sentensi mbili tofauti, na katikati yakasema jinsi mwajiri alivyojaribu kumpunguzia kazi na bado ikashindikana. Hiyo hatua ya katikati watu wengi huiruka. Mimi naiona nzito, kwa sababu inaonyesha kazi nyepesi ilijaribiwa.

Baada ya hapo nilimpa mama daftari la shule na kumwomba binti yake aliyeko nyumbani aandike kwa siku 14. Sikumwambia aandike maumivu. Nilimpa mambo manne ya kuangalia kila siku: saa ngapi mama ameamka, saa ngapi ameweza kukunja ngumi mpaka vidole viguse kiganja, kazi gani ameifanya na imechukua muda gani, na nini kilitokea baadaye. Kwenye maswali yangu mwenyewe pia nimeacha zamani kuuliza "unaweza kupika?" Mtu wa huku atajibu "naweza", kwa heshima yake, au atajibu "siwezi" kwa sababu leo amechoka, na yote mawili hayasaidii. Nauliza, "Mara ya mwisho ulisonga ugali lini, na kilifuata nini?"

Jibu lake kwa swali hilo lilikuwa hili. Jumapili iliyopita alisonga ugali wa watu wawili. Mwanzo wa uji hauna shida, lakini unga ukishakaza mwiko unataka kifundo cha mkono kizunguke na vidole vishike kwa nguvu. Aliacha mara mbili, akamaliza kwa kushika mwiko kwa mikono yote miwili huku binti ameshikilia sufuria. Jumatatu kifundo cha mkono wa kulia kilivimba, na hakupika mpaka Alhamisi. Ndani ya maneno hayo machache mna kila kitu bodi inachohitaji kujua kuhusu mkono ule: nguvu, mzunguko, msaada wa mtu mwingine, na siku tatu za kulipa. Na hakuna neno "kuteseka" hata moja.

Daftari lilirudi. Katika siku 14, siku mbili zilikuwa nzuri: vidole vilikunja kabla ya saa mbili asubuhi na alifanya kazi ndogo bila kuvimba. Siku tisa zilikuwa za kawaida yake, ngumi haikufunga mpaka kati ya saa tatu na saa nne. Siku tatu hakutoka kitandani isipokuwa kwenda chooni, akisindikizwa. Kijana akanishauri tuandike zile tatu tu. Nikamkatalia. Ugonjwa huu unapanda na kushuka, daktari wa bodi analijua hilo vizuri, na maelezo yasiyo na siku nzuri hata moja yangemfanya ashuku zote. Isitoshe, siku nzuri mbili kati ya 14 ndiyo hoja yenyewe. Hakuna mwajiri anayeweza kupanga zamu juu ya siku mbili ambazo hata mama mwenyewe hajui zitaangukia lini.

Kwa kuwa daftari lilijazwa Julai, niliona mapema swali litakalokuja: je, Januari hali si nzuri? Tukarudi kwenye kadi. Januari na Februari, kipindi cha mvua ambacho si cha ile baridi ya Julai, zilikuwa na maandishi ya daktari kuhusu viungo kuvimba na dozi kuongezwa. Sentensi moja ikaongezwa kueleza hivyo, na kadi zikaambatishwa.

Sehemu ya kazi tuliiandika kwa kuilinganisha moja kwa moja na mikono. Watu wengi huandika "nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda" wakaishia hapo, na msomaji wa ofisini hawezi kukisia. Tulimwomba mama asimame, ajifanye yuko mezani, atuonyeshe. Pakiti inatoka kwenye mkanda, unaishika kwa vidole vya mkono mmoja, unaipanga kwenye katoni, katoni likijaa unakunja mifuniko, unavuta selotepu, unalinyanyua kulipanga juu ya mengine. Kusimama zamu nzima. Nilipomuuliza katika mzunguko huo ni wapi anakwama, alionyesha sehemu mbili bila kusita: kuvuta selotepu, na kunyanyua katoni. Kubandika lebo alikohamishiwa kulimshinda kwa sababu nyingine, kubana kwa kidole gumba na cha shahada mfululizo, ambako baada ya kama dakika ishirini vidole vilikuwa vinaachia lebo vyenyewe.

Haya ndiyo maelezo kama yalivyokaa mwishoni, kwa sehemu ya nyumbani na kazini. Nimeyanakili kwa ruhusa yake:

"Ninaamka saa kumi na mbili. Siku nyingi vidole vya mikono yote miwili havikunji. Ninakaa na mikono ndani ya maji ya uvuguvugu, na kati ya saa tatu na saa nne vinaanza kukunja. Kabla ya muda huo siwezi kufunga vifungo, kushika kikombe kwa mkono mmoja, wala kufungua mfuniko wa dumu. Binti yangu ananisaidia kuvaa kwa siku hizo. Siku ambazo vidole vimelegea mapema ninavaa mwenyewe kwa kama dakika ishirini na tano.

"Maji ninabeba kwenye dumu la lita 5, nusu yake, kwa kulipakata. Ndoo ya lita 20 sijanyanyua tangu 2022. Viazi ninamenya vinne au vitano, kisha napumzika. Nguo nyepesi ninafua, ila kukamua siwezi, anakamua binti. Choo chetu ni cha shimo. Kuchuchumaa ninaweza nikishika kamba iliyofungwa ukutani, na kuinuka kunanichukua muda.

"Ninatembea kutoka nyumbani hadi barabarani, mwendo ambao zamani ulikuwa dakika kumi. Sasa ni dakika ishirini na tano na ninasimama mara mbili. Kwa pikipiki ninapanda nikishikwa, siwezi kushikilia chuma cha nyuma kwenye njia mbaya.

"Dawa ninameza mara moja kwa wiki, Ijumaa usiku. Jumamosi huwa na kichefuchefu na sifanyi kazi siku hiyo. Dawa imepunguza uvimbe tangu nianze. Haijarudisha nguvu ya kushika.

"Kazini nilitakiwa kushika, kukunja, kuvuta na kunyanyua bila kukatiza kwa zamu nzima. Vitendo hivyo kimoja kimoja ninaweza kuvifanya siku nzuri. Kuvirudia mfululizo kwa zaidi ya dakika ishirini siwezi, na nikijaribu mikono inavimba kwa siku mbili hadi tatu."

Sentensi kuhusu dawa kupunguza uvimbe ilileta mabishano. Kijana aliona tunajichongea. Lakini kliniki imeandika kwenye kadi kwamba kuna nafuu, na kadi hiyo hiyo imo kwenye viambatisho. Maelezo yanayopingana na kiambatisho chake mwenyewe ni mabaya kuliko yanayokiri nafuu na kusema imeishia wapi.

Kilichotuchosha zaidi, na sitakificha kwa sababu ndicho kinachowaponza watu wengi wakweli, kilikuwa genge. Siku zake nzuri mama hukaa kwenye genge la dada yake sokoni, saa moja au mbili. Alikuwa hajaniambia. Niligundua kwenye daftari, binti ameandika kwa uaminifu wote: "Jumanne, mama alikwenda gengeni kwa mama mkubwa." Nilipomuuliza, mama aliinamisha kichwa kama aliyekamatwa. "Mwanangu, si kazi ile. Nakaa tu nisijione nimekufa."

Ukimya ulikuwa mrefu. Mtu mwingine angemshauri aache kwenda mpaka maombi yapite, au asiandike. Nilimwambia tutaandika, na tutaandika kwa ukamilifu, maana jirani yeyote anaweza kulitaja, na likitajwa na mwingine litaitwa biashara ya siri. Tukaanza kuuliza: ni siku ngapi? Katika daftari, mara mbili kwa wiki mbili. Anafanya nini? Anapokea fedha na kurudisha chenji. Hapimi nyanya, hafungi mizigo, hanyanyui tenga. Analipwa? Halipwi, ila dada yake humpa mboga. Anaondoka saa ngapi? Akichoka, na hakuna anayemdai. Maelezo yakapata aya hii:

"Mara mbili katika wiki mbili zilizoandikwa kwenye daftari nilikaa kwenye genge la dada yangu, saa moja na nusu siku ya kwanza na saa moja siku ya pili. Nilipokea fedha na kurudisha chenji. Kupima na kufunga alifanya dada. Silipwi. Ninakwenda siku ambazo mikono imelegea tu, na ninaondoka nikichoka."

Aya hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo imara kuliko zote. Inaonyesha kiwango cha juu kabisa cha uwezo wake, na kiwango hicho hakifiki hata karibu na zamu ya kiwanda.

Dada yake tulimwomba naye aandike maelezo mafupi, mbali na mama, bila kusoma ya mama kwanza. Nusu ukurasa. Alichoandika kuhusu genge kililingana, ila yeye alisema mama huja "kama mara tatu kwa mwezi". Hatukumrekebisha. Watu wawili wanaosema kweli hutofautiana kidogo namna hiyo, na daftari lipo kwa anayetaka hesabu.

Kuna vitu vilivyoondolewa kabisa. Ada ya shule ya mjukuu. Nyumba inayovuja. Mume aliyefariki. Kijana aliumia tulipofuta hayo na nilimwelewa, kwa sababu ndiyo maisha yao. Nilimwambia yataandikwa siku tutakayoomba msaada mahali panapopima uhitaji. Hapa kila mstari usiohusu mwili na kazi unamlazimisha msomaji kuutafuta ule unaohusu. Kurasa zikabaki mbili, pamoja na nakala ya daftari, kadi, ripoti ya daktari na barua ya mwajiri.

Mbele ya bodi mama aliulizwa mambo machache tu. Daktari mmoja alimwambia akunje ngumi. Ilikuwa saa sita mchana, ikakunja karibu yote. Angekuwa ameandika kwamba mikono yake haikunji, hapo ndipo mambo yangeharibika. Daktari akauliza, "Na asubuhi?" Mama akajibu yale yale yaliyoko kwenye karatasi, saa tatu kuelekea saa nne, na daktari akafungua ukurasa wa daftari akawa anausoma kwa muda. Kisha akauliza anafanya nini siku nzuri. Mama akamweleza genge. Hadi naandika haya uamuzi haujatoka.

Siku ya kusaini, kabla ya kupeleka, nilimsomea maelezo yote kwa sauti, taratibu, nikimwomba anizuie penye neno lisilo lake. Alinizuia mara moja, kwenye "dakika ishirini na tano" za kuvaa. Akasema siku nyingine ni ishirini. Tukaweka "kama". Kisha akachukua kalamu, na sahihi iliyotoka ilikuwa mistari miwili iliyopinda, isiyofanana hata kidogo na ile ya fomu ya uanachama ya 2011. Nikamwongezea pembeni nafasi ya dole gumba, na chini yake tukaandika mstari wa mwisho wa maelezo: "Sahihi yangu imebadilika kwa sababu siwezi kubana kalamu kama zamani. Nimeweka na dole gumba."